Mmekubaliana kwa simu? Andikeni imeli siku ileile



Msimu uliopita tulikaa na koperative moja ya kahawa, kando ya ziwa Kivu, ili tusaidie kumaliza mabishano. Prezida wao alikuwa amezungumza kwa simu na mnunuzi wa mjini: kilo 5.000, dola 3 kwa kilo. Kila mmoja akasema «ndiyo, sawa». Kamio ikafika, magunia ya parche yakapakiwa. Siku ya kulipa, mnunuzi akasema dola 3 zilikuwa bei ya kahawa ya kijani, ile iliyokwisha kukobolewa, si ya parche.

Sasa tuhesabu. Parche ikikobolewa, karibu kilo moja katika kila tano inaenda na maganda. Kilo 5.000 za parche zinabaki karibu 4.000 za kijani. Wanachama walingojea dola 15.000, mnunuzi alihesabu 12.000. Dola 3.000 zilipotea katika neno moja ambalo hakuna aliyelitamka. Hatukuweza kusema nani anadanganya. Pengine hakuna: mmoja alisema «kahawa» akifikiria parche, mwingine akasikia kijani.

Wengine wanatuambia eti makubaliano ya mdomo si kitu. Hapana. Sheria ya OHADA, ambayo nchi yetu iliingia mwaka 2012, inakubali mauzo ya biashara ya mdomo. Shida ni kuonyesha nini kilisemwa. Maandishi ya elektroniki nayo yanatambuliwa na Kodi ya numeriki ya mwaka 2023, mradi aliyeandika ajulikane na maandishi yahifadhiwe bila kubadilishwa. Ndiyo sababu imeli inafaa: inaonyesha nani aliandika, kwa nani, siku gani na saa ngapi.

Hii ndiyo imeli ambayo prezida yule angeituma jioni ileile:

«Bwana, tunakusalimu. Leo mchana tumezungumza kwa simu, nasi tumeelewa hivi:
1. Tunauza kilo 5.000 za kahawa ya parche, iliyooshwa.
2. Bei ni dola 3 kwa kilo moja ya parche.
3. Unyevu usipite 12 kwa mia.
4. Kamio inalipwa na wewe.
Mambo mawili hatukuyazungumza: muzani wa nani utafuatwa, na malipo yatatoka siku gani. Sisi tunapendekeza muzani wa kituo chetu, mbele ya mtu wako, na malipo siku ya kupakia. Tafadhali utujibu kama unakubali yote, au utusahihishe. Tutapakia tukisha kupata jibu lako.»

Angalieni namna ilivyojengwa. Neno «parche» limeandikwa mara mbili, kwenye uzito na kwenye bei. Kama mnunuzi alifikiria kijani, atashtuka siku hiyo, wakati kahawa ingali kwenye depo yenu. Tena yale yaliyosemwa yametengwa na yale ambayo hayakusemwa. Msichomeke sharti jipya katikati ya yale mliyokubaliana. Mnunuzi akiliona, ataacha kuamini na mistari mingine.

Imeli iandikwe siku ileile, wakati kila mtu angali anakumbuka. Itoke kwenye adresi ya koperative, si ya sekretere binafsi, maana akiondoka anaondoka na barua zote. Jera na prezida wapate kopi. Network ikiwa mbaya, imeli inaweza kulala ndani ya telefone bila kwenda, basi hakikisheni imeonekana kati ya zilizotumwa.

Na akinyamaza? Hapa wengi wanakosea. Wanaandika «usipojibu, umekubali». Kwa sheria ya OHADA, kunyamaza peke yake si kukubali. Mpigieni simu, mumwombe kwa heshima ajibu hata kwa maneno mawili: «Nakubali yote». Akijibu kwa kubadilisha jambo, kwa mfano unyevu 11 badala ya 12, andikeni upya orodha nzima na kumtumia, naye akubali hiyo ya mwisho. Msiache masharti yametawanyika katika imeli tano.

Imeli haifanyi mnunuzi asiye na makuta awe nazo. Anayekataa kabisa kuandika bei aliyoitamka mwenyewe, heri mjue mapema kuliko wakati kamio imekwisha kupita barriere.

Jibu likifika, litoeni kwenye karatasi, mliweke pamoja na boni za kupima, na mlisome mbele ya wanachama. Mama aliyeleta kilo 40 za parche ana haki ya kujua bei imeandikwa namna gani, mbele ya kamio kuondoka.