Mgeni wa podikasti si mwombaji kazi

Naishi Nakuru, na wenzetu wa pwani walioko huku wakialikwa kwenye podikasti huniomba niwaandikie wasifu. Juzi dada mmoja wa Mombasa, mama lishe wa Naivasha, aliniletea wake: cheti cha upishi, miaka kumi na miwili ya biashara, mweka hazina wa chama. Yote kweli, lakini mtangazaji angemuuliza habari za cheti, na kilichomtoa machozi kisingesikika. Yeye ni mmoja wa waliohama mtaa wa Kihoto maji ya Ziwa Naivasha yalipopanda mwaka 2020.

Nikamwuliza, “Dada, nini kilikushangaza?” Akajibu, “Kwetu maji yakijaa hutoka. Nilingoja yatoke.”

Hapo ndipo pa kuanzia. Tukaandika hivi:

“Mgeni wetu amekulia Mombasa, ambako bahari hujaa na kupwa kila siku. Alipoona maji mlangoni pake Kihoto, hakufunga mizigo, alingoja yapwe. Ziwa halikupwa. Leo anapika chapati mahali pengine, na bado ana ufunguo wa nyumba ambayo haingiliki.”

Husomwa kwa chini ya nusu dakika. Ufunguo tumeutaja, lakini kwa nini anauweka hatukusema. Hilo ni la mgeni mwenyewe. Ukimaliza kisa kwenye wasifu, mtangazaji hana la kuuliza, na mgeni hurudia yaliyokwisha kusomwa.

Chini yake, kwa macho ya mtangazaji tu, tukaweka mambo matatu ya kumuuliza: dalili ya kwanza aliyoiona, nayo ni choo kujaa kabla ya ua, usiku alipokutana na kiboko njiani, na tofauti ya mpangaji kama yeye na mwenye kiwanja, nani alipoteza nini. Kila jambo lina tukio nyuma yake. Ukiandika “athari za mafuriko” utapata hotuba; ukiandika “usiku wa kiboko” utapata kisa. Mwisho tukaongeza jina lake linavyotamkwa, na jambo moja asiloulizwa: ugonjwa wa mwanawe.

Kabla ya kutuma, nilimsomea jirani kwa sauti. Nilipoishiwa pumzi katikati ya sentensi, niliikata. Kisha nikanyamaza nimsikilize. Jirani akisema “mashaallah” akaendelea na chai yake, ujue umeandika sifa tu. Huyu aliuliza, “Ufunguo wa nini tena?” Nikatuma.

Dada alikuwa na hofu moja: je, cheti chake kitapotea? Hakikupotea. Tulikiweka mstari wa mwisho, pamoja na mahali anapouza sasa, ili mtangazaji akitaje wakati wa kuagana. Msikilizaji aliyemsikia mpaka hapo ndiye atakayemtafuta kwa chapati.