Nukta Sita Chini ya Mstari

Mwezi Novemba, wagonjwa 33 kati ya kila 100 waliopangiwa kliniki ya kisukari na shinikizo la damu hawakutokea. Mganga mfawidhi anaitisha kikao, maneno makali yanasemwa, na muuguzi wa mapokezi anatakiwa aeleze jinsi anavyoandika tarehe kwenye kadi. Desemba idadi inashuka hadi 26. Watu wanaondoka wakiamini kikao kimezaa matunda.

Kituo hiki ni cha mfano na tarakimu zake nimezipanga mwenyewe ili hesabu ifuatike kwa urahisi. Vikao vya namna hiyo, hata hivyo, vipo kwingi, na tatizo lao ni moja: vinalinganisha mwezi huu na uliopita, basi. Miezi miwili haiwezi kusema kama kuna kitu kimebadilika. Idadi ya wanaokosa kliniki hupanda na kushuka yenyewe kwa sababu ya mvua, msiba, nauli, msimu wa kulima au sikukuu iliyoangukia siku ya kliniki.

Dawa ya hali hiyo ni chati ya mwenendo, na haihitaji kompyuta. Inatosha karatasi ya miraba, penseli na rejesta ya kliniki. Lakini kabla ya kuchora, lazima wote wakubaliane nani anahesabiwa kuwa amekosa. Katika kituo chetu wameamua hivi: ni yule ambaye hakufika siku yake, wala ndani ya siku saba baada yake. Aliyekuja Alhamisi badala ya Jumanne hahesabiwi. Kisha idadi hiyo inagawanywa kwa wote waliopangiwa mwezi huo, ipatikane asilimia. Ukihesabu vichwa tu utadanganyika, kwa sababu watu 50 waliokosa kati ya 200 si sawa na 50 kati ya 300.

Asilimia za mwaka mzima, Januari hadi Desemba, zilikuwa 24, 22, 27, 29, 25, 31, 28, 26, 23, 25, 33 na 26. Miezi inakaa chini, asilimia zinapanda pembeni, na kila mwezi unapata nukta yake. Nukta zinaunganishwa kwa mstari. Halafu tarakimu zote zinapangwa kuanzia ndogo hadi kubwa ili ipatikane ile iliyo katikati. Hapa ni 26, na mstari wa kulala unachorwa kwenye 26 kukata chati nzima. Namba ya kati inafaa kuliko wastani wa kawaida kwa sababu mwezi mmoja mbaya, kama ile Novemba, hauivuti juu.

Sasa tazama Juni hadi Septemba: 31, 28, 26, 23. Miezi minne asilimia inateremka mfululizo, na mtu angeweza kuandika ripoti ya mafanikio. Oktoba ikapanda, Novemba ikavunja rekodi. Hakuna aliyekuwa amefanya lolote. Ndiyo maana wataalamu wa kuboresha huduma wameweka kanuni za kutenganisha badiliko la kweli na kuyumba kwa kawaida. Mbili ndizo zinazotumika zaidi: nukta sita au zaidi mfululizo zilizo upande mmoja wa mstari wa kati, au nukta tano au zaidi zinazopanda tu ama kushuka tu. Nukta iliyoangukia juu ya mstari wenyewe inarukwa unapohesabu zile sita. Sababu ya sita inaeleweka kwa kurusha sarafu: ukiirusha mara sita, nafasi ya kupata upande uleule mara zote ni 1 kati ya 32. Inawezekana itokee kwa bahati, ila ni nadra kiasi cha kumfanya mtu aulize kilichosababisha.

Katika mwaka wote ule hakuna kanuni hata moja iliyotimia. Kwa hiyo Novemba haikuwa ajali ya pekee na Desemba haikuwa matunda ya kikao. Robo ya wagonjwa kukosa kliniki ndiyo hali ya kawaida ya kituo hicho, na hali ya kawaida haibadilishwi kwa kumgombeza mtu. Inabadilishwa kwa kubadili namna kazi inavyofanyika.

Hapo ndipo unapoingia mzunguko wa hatua nne: panga, tenda, chunguza, amua. Mizizi yake inarudi kwa Mmarekani Walter Shewhart, aliyechora chati zake za kwanza za ubora mwaka 1924 katika kampuni ya simu, na kwa W. Edwards Deming, aliyeyafundisha mawazo hayo Japani kuanzia mwaka 1950. Nguvu ya mzunguko iko katika udogo wake. Hauanzi na kituo kizima.

Timu yetu ilipanga kuwapigia simu wagonjwa 20 wa Jumanne moja tu ya Januari, siku mbili kabla, na ikaandika matarajio yake: angalau 16 watafika. Kuandika matarajio ndiyo sehemu inayorukwa mara nyingi, nayo ndiyo yenye faida kubwa, kwa sababu bila hiyo kila matokeo yataonekana mazuri. Walipotenda, simu 14 zilipokewa na wenyewe. Namba sita hazikupatikana au zilikuwa za watu wengine. Kati ya waliopatikana walifika 12, na kati ya wasiopatikana watatu. Jumla 15.

Walipochunguza waliona kwamba simu inasaidia, ila daftari la namba limechakaa. Wakaamua kutoiacha njia hiyo bali kuirekebisha. Mzunguko wa pili ulihusu jambo moja: kabla mgonjwa hajatoka dirishani, muuguzi anabipu namba yake pale pale ili isikike ikiita, na anaandika namba ya ndugu mmoja kwa ridhaa ya mgonjwa. Ndugu akipokea, ugonjwa hautajwi. Anaambiwa tu amkumbushe mwenzake tarehe yake. Utaratibu ulipokaa sawa, ukaanza kutumika kliniki nzima mwezi Februari.

Mstari wa wima ukachorwa kwenye chati kuonyesha mahali badiliko lilipoanzia. Januari ilikuwa 27. Kisha 22, 24, 19, 21, 18 na, Julai, 20. Mstari wa 26 haukuguswa, maana ukiupiga hesabu upya kila mwezi nao utateremka pamoja na nukta na kuficha kile unachokitafuta. Julai ndiyo iliyokamilisha nukta ya sita chini ya mstari. Mwezi Aprili, pamoja na ile 19 ya kuvutia, ilikuwa mapema mno kushangilia.

Hata hivyo chati inaweza kudanganywa, pengine bila mtu kukusudia. Watoro wa muda mrefu wakifutwa kwenye rejesta, asilimia itashuka ingawa hakuna mgonjwa hata mmoja aliyerudi. Kituo kikianza kutoa dawa za miezi mitatu badala ya mmoja, waliopangiwa kila mwezi watapungua, nao si watu walewale wa zamani. Zahanati yenye wagonjwa 12 kwa mwezi itaona nukta zikiruka ovyo, kwa kuwa mtu mmoja peke yake ni zaidi ya asilimia 8. Na kama mwezi uleule wa Februari dawa zilizokuwa zimeadimika zilianza kupatikana, chati haitasema ni simu au ni dawa iliyowarudisha watu. Kwa hiyo kila tukio kubwa linaandikwa kwa penseli juu ya mwezi wake.

Ile 20 ya Julai, kwa kliniki yenye wagonjwa 200, ni watu 40. Baadhi yao hawana simu kabisa, na kubipu hakuwezi kuwafikia. Mzunguko unaofuata unachukua majina matano kati ya hayo, wote wa kijiji kimoja, na kumkabidhi mhudumu wa afya ngazi ya jamii awatembelee wiki moja kabla ya tarehe yao. Matarajio yaliyoandikwa: watatu watafika.