Hasara Huamuliwa na Loti, Si Levareji

Anayefungua akaunti ya biashara ya fedha za kigeni mtandaoni huulizwa mapema achague levareji, na wengi huamini kwamba hatari yote iko hapo. Lakini kiasi unachopoteza bei inapokugeuka hutegemea ukubwa wa loti uliyofungua. Tuone kwa hesabu ya akaunti yenye dola 200.

Tuanze na pipsi. Bei ya yuro kwa dola, EUR/USD, huhesabiwa kwa desimali nne. Ikitoka 1.1000 hadi 1.1001, imepanda pipsi moja. Kwenye jozi zenye yeni, pipsi ni desimali ya pili. Majukwaa mengi, MetaTrader ikiwamo, huonyesha tarakimu moja zaidi mwishoni, ambayo ni sehemu ya kumi ya pipsi na huitwa pointi. Mgeni akiweka kikomo cha hasara umbali wa pointi 100 akidhani ni pipsi 100, amekiweka pipsi 10 tu kutoka alipoingilia. Bei hukigusa hata kwa mtikisiko wa kawaida, naye hubaki akishangaa kwa nini ametolewa upesi hivyo.

Pipsi peke yake haina thamani ya fedha mpaka ujue loti. Loti kamili ni yuro 100,000. Ukiandika 0.10 kwenye kisanduku cha Volume, umeagiza yuro 10,000, ukiandika 0.01, yuro 1,000. Zidisha yuro 10,000 kwa 0.0001, utapata dola moja: hiyo ndiyo thamani ya kila pipsi kwa loti 0.10. Kwa loti kamili ni dola 10, na kwa loti 0.01 ni senti 10.

Sasa tufanye biashara. Dalali anaonyesha bei mbili: anakuuzia yuro kwa 1.1002, na ukitaka kumrudishia ananunua kwa 1.1000. Unanunua loti 0.10. Papo hapo akaunti inaonyesha hasara ya dola 2, kwa sababu tofauti ya bei hizo mbili ni pipsi 2, na hayo ni malipo ya dalali. Bei yake ya kununua ikipanda hadi 1.1040 nawe ukafunga, umepata pipsi 38, yaani dola 38. Ikishuka hadi 1.0952, umepoteza pipsi 50, yaani dola 50, robo ya akaunti yako.

Katika hesabu yote hiyo levareji haijaguswa. Kazi yake ni kuamua dhamana ambayo dalali atashikilia wakati biashara iko wazi. Yuro 10,000 kwa bei ya 1.1002 ni dola 11,002. Kwa levareji ya 1:400, ambayo ndiyo ukomo kwa madalali wenye leseni nchini Kenya, dhamana ni dola 27.51. Kwa 1:30, ukomo uliowekwa katika Umoja wa Ulaya mwaka 2018 kwa jozi kuu, ingehitajika dola 366.73, hivyo mwenye dola 200 asingeweza kuifungua kabisa.

Hatari ya levareji kubwa ni mlango inaoufungua. Kwa 1:400, akaunti hiyohiyo inaweza kununua loti 0.50 kwa dhamana ya dola 137.53. Hapo kila pipsi ni dola 5. Tuseme dalali hufunga biashara kwa lazima salio halisi likishuka hadi nusu ya dhamana, yaani karibu dola 69. Basi pipsi 27 tu zinatosha kukutoa. Ripoti ya ajira ya Marekani, ambayo kwa kawaida hutoka Ijumaa ya kwanza ya mwezi, saa tisa na nusu au saa kumi na nusu alasiri kwa saa za Afrika Mashariki, inaweza kuisogeza EUR/USD kiasi hicho kwa dakika chache. Hata bei ikigeuka baadaye na kwenda kule ulikotabiri, wewe umeshatolewa.

Kwa hiyo hesabu ianzie kwenye hasara unayoweza kuibeba. Mwenye dola 200 akiamua kuhatarisha asilimia 2, ana dola 4. Kama chati inamwambia kikomo kikae pipsi 40 chini ya bei aliyonunulia, agawanye 4 kwa 40: senti 10 kwa pipsi, yaani loti 0.01. Dhamana yake itakuwa dola 2.75 kwa 1:400, au dola 36.67 kwa 1:30. Bei ikifika kwenye kikomo na agizo likatekelezwa hapohapo, kwa levareji yoyote kati ya hizo mbili atapoteza dola 4 zilezile.