Marehemu Alijua Nini?

Barua ya kampuni ya bima kukataa dai la maisha huwa fupi. Inasema marehemu aliulizwa swali fulani kwenye fomu ya maombi, akajibu hapana, na kumbukumbu za hospitali zinaonyesha jibu lilitakiwa kuwa ndiyo. Aliyeipokea, mara nyingi mjane au mama, hukimbilia hoja moja: lakini si ugonjwa huo uliomuua! Hoja hiyo inaeleweka, ila mahakamani huwa dhaifu kuliko anavyodhani. Ili kuona sababu, tutazame shauri lililoamuliwa na Mahakama Kuu Kabisa ya India mnamo Januari 1962, ambalo wanasheria wa bima wa huko bado wanalitaja kila dai la aina hii linapozuka.

Mfanyabiashara mmoja wa Jabalpur alitibiwa na daktari kati ya Septemba na Oktoba 1943. Alikuwa na upungufu wa damu, miguu imevimba, anahara, na akijitahidi kidogo tu anahema. Akapata nafuu. Julai 1944 alijaza fomu ya bima ya maisha. Fomu ilimuuliza kama katika miaka mitano iliyopita alikuwa amemwona daktari kwa maradhi yoyote, hata yale yasiyomlaza ndani. Akajibu kwamba hakumwona. Machi 1945 kampuni ikampa hati ya bima ya rupia 25,000.

Baada ya hapo mambo yakapindapinda. Oktoba 1945 alihamishia haki za hati ile kwa mtu mwingine. Ada haikulipwa kwa wakati, bima ikakatika, ikafufuliwa Julai 1946. Miezi minne baadaye, Novemba, akafariki. Aliyehamishiwa haki akadai pesa, na Oktoba 1947 kampuni ikakataa.

Hapo ndipo saa ya sheria ilipoanza kuhesabiwa. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Bima ya India ya 1938 kiliweka mpaka wa miaka miwili. Ndani ya miaka hiyo kampuni ilikuwa na nafasi pana ya kuipinga hati kwa sababu ya jibu lisilo sahihi. Ikipita, mzigo wake unakuwa mzito. Kampuni ilitaka miaka miwili ihesabiwe tangu bima ilipofufuliwa mwaka 1946, maana kwa hesabu hiyo ilikuwa bado ndani ya muda. Mahakama ikakataa: hesabu inaanza siku ya hati ya kwanza, Machi 1945. Kwa hiyo barua ya Oktoba 1947 ilikuwa imechelewa kwa miezi kadhaa.

Mdai hakushinda kwa hilo. Kuchelewa hakukuifungia kampuni mlango. Kulibadili tu kinachotakiwa kuthibitishwa. Ilibidi ionyeshe mambo matatu kwa pamoja: kwamba jambo lililofichwa lilikuwa na uzito katika uamuzi wa kumkatia mtu bima, kwamba lilifichwa kwa udanganyifu, na kwamba mwenye bima mwenyewe, wakati anajibu, alijua kuwa anaficha. La tatu ndilo kampuni nyingi hushindwa, kwa sababu aliyejua ameshazikwa.

Safari hii daktari aliyemtibu alikuja kutoa ushahidi. Mdai alijitetea kwamba yale yalikuwa maradhi ya kupita. Mahakama haikukubali. Mtu aliyetibiwa kwa wiki kadhaa, akiwa amevimba miguu na kushindwa kuhema vizuri, hawezi kusahau ndani ya mwaka mmoja kwamba alimwona daktari. Jibu lilikuwa la uongo na alijua. Yule aliyehamishiwa haki naye hakupata nafuu kwa kudai kwamba yeye hakudanganya mtu, kwani alirithi mkataba pamoja na dosari yake. Aliomba basi arudishiwe angalau ada zilizolipwa, akanyimwa hata hizo.

Ukiisoma hukumu hii unaona kwa nini hoja ya chanzo cha kifo haifiki mbali. Kosa lilitendeka siku fomu ilipojazwa, si siku ya mauti. Kampuni inapima hatari kabla ya kukubali, na kama ingeambiwa pengine ingekataa, ingeomba vipimo zaidi au ingepandisha ada. Mwaka 2020 mahakama hiyohiyo ilirudia jambo hili katika shauri la kijana aliyeomba bima Agosti 2014, akafariki Septemba. Uchunguzi ulionyesha alikuwa na homa ya ini aina ya C na alikuwa ametibiwa hospitali muda mfupi kabla ya kujaza fomu. Mabaraza ya watumiaji yalikuwa yamempa mama yake haki. Mahakama Kuu Kabisa ikasema yamekosea. Lakini kampuni ilikuwa imeshalipa shauri likiendelea, na mama alikuwa na miaka sabini akimtegemea mwanawe, hivyo majaji wakaagiza asidaiwe pesa hizo. Huruma ilipita mlango wa pembeni. Sheria ilibaki palepale.

Hata hivyo si kila kilichofichwa kina uzito. Mwaka 2015 mahakama hiyo iliamuru kampuni ilipe pale marehemu alipoficha maradhi ya uti wa mgongo yaliyompa maumivu ya kiuno na mguu, kisha akafa kwa ugonjwa wa moyo. Majaji waliona maradhi yale hayakuwa ya kutishia uhai wala hayakuhusiana na kifo. Kwangu mimi hukumu hii inafaa ishikwe kwa uangalifu: inamsaidia aliyeficha jambo dogo, na mwenye figo mbovu au kisukari asiitegemee.

Mpaka mwingine ni ujuzi wenyewe. Tangu mwaka 1908, Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilipoeleza kwamba huwezi kufichua usichokijua, msimamo huo umeenea katika nchi nyingi zilizorithi sheria ya Kiingereza. Uvimbe uliogunduliwa baada ya fomu kusainiwa hauhusiki, hata kama daktari anasema ulikuwepo mwilini miaka mingi. Kwa hiyo anayepokea barua ya kukataliwa aanze na tarehe: ya fomu, ya hati, ya vipimo. Aombe nakala ya fomu aone swali liliandikwaje, maana jibu hupimwa kwa swali lililoulizwa. Kisha atazame ushahidi. Mara nyingi ni mstari mmoja katika cheti cha kuruhusiwa hospitali, kwamba mgonjwa ana shinikizo la damu la miaka kumi, bila kujulikana nani alimwambia mwandishi. Mstari kama huo, usipoletewa daktari au kumbukumbu za matibabu, unaweza kupingwa.

Hoja ya kwamba wakala ndiye aliyejaza na marehemu alisaini tu haina nguvu hiyo. Mwaka 2019 mahakama ya India ilisema aliyesaini fomu anafungwa na yaliyomo.

Msomaji wa Tanzania asidhani haya ni ya mbali. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, ilijengwa juu ya Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, na ndiyo inayosema ridhaa iliyopatikana kwa udanganyifu inampa aliyedanganywa haki ya kuuvunja mkataba. Ila saa ya bima ya India si yetu, na hata huko imebadilishwa. Tangu 2015, baada ya miaka mitatu hati ya maisha haiwezi kupingwa kwa sababu yoyote, hata udanganyifu. Na ndani ya miaka hiyo, kampuni ikikataa kwa jibu lisilo sahihi ambalo halikuwa la udanganyifu, inatakiwa kurudisha ada zote ndani ya siku 90.