Mkono ukivunjika, kiwiko nacho kipigwe picha

MTOTO wa miaka saba ameanguka kutoka mtini na mkono umevimba chini ya kiwiko. Picha ya eksirei inaonyesha mfupa mmoja umevunjika, naye anafungwa plasta. Wiki sita baadaye plasta inatolewa. Mfupa umeunga vizuri, lakini mtoto hawezi kukunja kiwiko mpaka mwisho, wala kugeuza kiganja kitazame juu. Je, kasoro iko wapi?

Iko kwenye picha. Ilionyesha pale palipovunjika tu, na kiwiko kikaachwa nje.

Kati ya kiwiko na kifundo cha mkono kuna mifupa miwili, mmoja upande wa kidole gumba na mwingine upande wa kidole cha mwisho. Imeungana juu kwenye kiwiko na chini kwenye kifundo, mfano wa mbao mbili ndefu za kitanda. Mmoja ukivunjika na kupinda, huwa mfupi. Wa pili hauwezi kubaki ulivyokuwa: nao huvunjika, au ncha yake huchomoka kiungoni.

Kwa mtoto wetu, mfupa wa upande wa kidole cha mwisho ulivunjika, na kichwa cha mwenzake kikateguka kwenye kiwiko. Jeraha hili lilielezwa mwaka wa 1814 na Monteggia, daktari wa upasuaji wa Milan, na bado huitwa kwa jina lake. Kuna la kinyume chake, la Galeazzi: mfupa wa upande wa kidole gumba huvunjika, na ncha ya mwenzake huteguka kwenye kifundo.

Kwa hivyo zinahitajika picha mbili, ya mbele na ya ubavuni, zikionyesha mifupa yote miwili, kiwiko na kifundo. Daktari huchora mstari kupitia katikati ya shingo na kichwa cha mfupa wa upande wa kidole gumba. Katika kila picha, mstari huo sharti uelekee kwenye kitufe cha mfupa wa juu wa mkono, pale kwenye kiwiko. Ukienda kando, kiungo kimeteguka.

Likigunduliwa mapema kwa mtoto, mara nyingi hutosha kumlaza kwa dawa ya usingizi na kuunyoosha mfupa uliovunjika. Kichwa kilichoteguka hurudi mahali pake. Kisha hufungwa plasta, na picha hurudiwa kila wiki mwanzoni, kwa kuwa kinaweza kuchomoka tena. Mtu mzima kwa kawaida hufanyiwa upasuaji na kutiwa bamba la chuma. Likichelewa kugunduliwa, hata mtoto huenda akahitaji mfupa ulioungana ukatwe upya, na matokeo huwa si ya uhakika.

Mzazi, mtoto akilalamikia kiwiko ilhali amevunjika katikati, au akishindwa kuinua kidole gumba, mwambie daktari siku hiyo hiyo. Na kabla plasta haijafungwa, uliza: "Kiwiko na kifundo vimeonekana kwenye picha?"