Kukagua matangazo yaliyotafsiriwa kabla hayajatumwa studio

Matangazo mengi ya vijiji vya mpakani, kuanzia Munanila na Manyovu hadi upande wa Kasulu na Kibondo, hayaanzi kwa Kiswahili. Ndugu huandika kwa Kirundi au Kiha, mtu mmoja hutafsiri, kisha fungu zima, tuseme matangazo kumi au kumi na mawili, hutumwa studio. Anayeyasoma hewani hakuwahi kuiona karatasi ya kwanza. Akisoma Jumatatu mahali pa Jumatano, hana namna ya kujua, na wafiwa hawatapata nafasi ya pili ya kuwaita watu.

Ndiyo maana fungu hukaguliwa kwa orodha ya mambo matano: maana, namba, majina, lugha ya heshima na maneno ya mtaani yaliyosalia. Tangazo moja halikaguliwi kwa yote matano kwa mkupuo. Pitia fungu lote kwa maana tu, kisha rudi mwanzo kwa namba tu, na kuendelea. Jicho linalotafuta kitu kimoja hukiona. Linalotafuta vitano husoma tu na kufurahia Kiswahili kizuri.

Maana ndiyo huanza, na hukaguliwa chanzo kikiwa mkononi. Kwa sisi wa ukanda huu tatizo ni kwamba Kirundi na Kiha vinafanana sana, navyo vinapakana na Kiswahili, kwa hiyo mtafsiri hajisikii kama anatafsiri. Chukua siku za wiki. Kiswahili huhesabu kuanzia Jumamosi, ndiyo maana siku ya tatu ni Jumatatu. Kirundi huhesabu kuanzia siku inayofuata Jumapili, hivyo "ku wa gatatu" ni Jumatano. Mwenye haraka huiona "tatu" na kuandika Jumatatu. Watu watafika siku mbili mapema. Kosa hilohilo likifanyika kutoka Kiswahili kwenda Kirundi, Jumatano ikawa "ku wa gatanu", watafika Ijumaa na kukuta kaburi limeshafukiwa. Mtego huu una alama yake: tofauti huwa siku mbili kamili. Weka kalenda mezani, na hakikisha kila siku iliyotajwa inakubaliana na tarehe yake. Tangazo lenye siku bila tarehe lirudi kwa mwenyewe.

Neno jingine ni "ejo". Kwa Kirundi linaweza kuwa jana au kesho, na kitenzi ndicho huamua. Katika sentensi iliyokatwakatwa ya ujumbe wa simu, kitenzi huenda hakipo.

Tuchukue tangazo la kifo la mfano. Chanzo cha Kirundi kinasema mzee wa Munanila amefariki, atazikwa "ku wa gatatu" tarehe 21, na kwamba habari zimfikie mkewe aliyeko Kasulu pamoja na "musaza wiwe". Tafsiri imeandika: "na kaka wa marehemu". Inasomeka vizuri, lakini si kweli. Kwa Kirundi "musaza" ni ndugu wa kiume wa mwanamke; mwanamume hana musaza. Kwa hiyo "wiwe" hapa haimrudii marehemu bali mjane, na mtu anayetafutwa ni shemeji wa marehemu. Kama tangazo lingesomwa lilivyo, shemeji asingejua kwamba ndiye anayeitwa, na kaka wa kweli, kama yupo, angeshangaa kutajwa peke yake. Kadhalika "datawacu": ukiitafsiri neno kwa neno utapata "baba yetu", kumbe ni baba mdogo au baba mkubwa. Redio isije ikamuua baba wa mtu aliye hai.

Kwa namba, zoezi ni kutia alama kila tarakimu katika chanzo, kisha kuitafuta mwenzake katika tafsiri. Saa zinahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu Kirundi cha nyumbani huhesabu saa kama Kiswahili, lakini barua za ofisi na za mashirika huandika 8:00 au 14:00. Katika fungu moja utakuta zote mbili. 8:00 ni saa 2 asubuhi. 14:00 ni saa 8 mchana. Ukikuta "saa 8 asubuhi" usijiulize mara mbili, kuna mtu amenakili bila kugeuza. Fedha nazo: "elfu mia mbili na hamsini" ikisomwa hewani, mmoja husikia 250,000 na mwingine 200,050. Andika "laki mbili na elfu hamsini", na taja ni shilingi au faranga za Burundi.

Majina yana kishawishi cha kusahihisha. Sisi Watanzania tumezoea jina la mtu, la baba na la babu. Mrundi anaweza kuitwa Niyonzima na baba yake akaitwa Ndayishimiye, na ni sawa kabisa. Usimwongezee jina la baba ili lipendeze. Herufi r isigeuzwe l kwa sababu tu ndivyo tunavyolisikia. Kwa majina ya mahali, kumbuka kwamba Munanila sasa iko Wilaya ya Buhigwe, iliyomegwa kutoka Kasulu mwaka 2012, mwaka uleule Kakonko ilipotoka Kibondo. Wazee wengi bado huandika "Munanila, Kasulu", na bodaboda akitumwa huko kutoka stendi ya Kasulu atauliza, Kasulu ipi?

Lugha ya heshima na maneno ya mtaani hukaguliwa mwishoni, chanzo kikiwa kimefunikwa, kwa sauti. Zahanati ikisema mama "anatakiwa kufika mara moja", msikilizaji husikia polisi. "Anaombwa kufika" inatosha. Katika msiba, "amefariki dunia". Tangazo la ng'ombe aliyepotea likiahidi "buku hamsini", andika shilingi 50,000, maana mzee wa Heru Juu huenda asijue buku ni elfu. Ujumbe wa simu huleta pia "2takutana" na "xaxa"; hiyo 2 ni "tu", si namba. Ila usifute kila neno lenye harufu ya mtaa. Bodaboda ni bodaboda, na maneno ya shahidi yaliyonukuliwa kwenye habari huachwa kama alivyoyasema.

Kila neno utakalobadilisha katika hatua hii ya mwisho hurudishwa kwenye chanzo. Kulainisha "anatakiwa" kuwa "anaombwa" ni sawa kwa zahanati, lakini kwa wito wa baraza la kata kunageuza amri kuwa hiari.

Kuna mambo ambayo mkaguzi hawezi kuyamaliza mezani, kama ile "ejo" isiyo na kitenzi. Hapo hupigwa simu, na namna ya kuuliza ina maana yake. Ukiuliza, "Mzee, ni kesho Jumatano, sivyo?" atakujibu ndiyo, kwa heshima tu, au kwa sababu simu inakatika. Uliza, "Mzee, mazishi ni lini?" kisha nyamaza, umwache aitaje siku na tarehe kwa mdomo wake, uandike. Asipopatikana, tangazo hilo litolewe kwenye fungu na yaliyobaki yatumwe, pamoja na maelezo kwa studio kwamba moja limebaki na kwa nini.