Povu la Sabuni Kabla ya Kiberiti: Kukagua Mtungi wa Gesi katika Nyumba ya Chumba Kimoja

Familia nyingi za Kampala na miji mingine ya Uganda hupika, hula na kulala katika chumba kimoja. Katika nyumba ya namna hiyo, mtungi wa gesi huwa hatua chache tu kutoka kitandani, na pengine sigiri ya makaa imewekwa mlangoni. Ndiyo maana uvujaji mdogo, ambao katika jiko kubwa lenye madirisha mengi ungetawanyika, humo ndani huweza kuleta msiba.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi darini kama moshi, bali hushuka na kutandaa sakafuni, chini ya kitanda na kwenye pembe. Huweza kulipuka inapofikia takribani sehemu mbili katika kila sehemu mia za hewa. Tuchukue chumba cha mita 3 kwa 3. Iwapo gesi itatandaa kufikia kimo cha goti, kiasi kisichozidi robo kilo chatosha kuifanya hewa ya chini iwe ya kulipuka. Mtungi mdogo una kilo 6. Aidha, gesi hiyo hupenya chini ya mlango na kuingia kwa jirani, ambaye hajui lolote na huenda anawasha mshumaa wake.

Sehemu inayovuja mara nyingi ni maungio, wala si chuma cha mtungi. Kwa hiyo, kila unapobadilisha mtungi, fuata utaratibu huu. Kwanza, zima moto wote ulio karibu, ikiwemo sigiri, kisha ufungue mlango na dirisha. Simamisha mtungi wima juu ya sakafu iliyo sawa. Mtungi uliolazwa huweza kutoa gesi ikiwa bado ya majimaji, na tone moja la maji hayo huwa gesi nyingi mno. Hakikisha vitufe vya jiko na swichi ya regulata vimefungwa. Ondoa kifuniko, utazame ndani ya valvu: lazima pawepo mpira mdogo wa duara, usiopasuka wala kukauka. Usipouona, usiunge, rudisha mtungi kwa muuzaji. Usitie kipande cha nailoni au uzi badala yake. Kisha bandika regulata mpaka ikamate, uivute kidogo kwenda juu. Ikichomoka au ikichezacheza, huenda si ya aina ya valvu hiyo, na kuilazimisha hakufai.

Sasa ndipo ukague. Changanya sabuni ya maji na maji kidogo katika kikombe mpaka litoke povu. Fungua gesi kwenye regulata, lakini vitufe vya jiko viendelee kufungwa, ili gesi ijae mpirani bila kupata pa kutokea. Paka povu kwa sifongo kuzunguka valvu, regulata, ncha zote mbili za mpira na urefu wake wote. Tazama kila mahali kwa muda bila haraka, maana tundu dogo hutoa viputo polepole. Viputo vinavyozidi kukua mahali pamoja ni dalili ya kuvuja. Funga gesi, kaza kibano kama ni kwenye ncha ya mpira, kisha upake tena. Mpira wenye nyufa hukatwa na kutupwa. Haufungwi kwa utepe. Wenye mtungi wa kilo 6 ambao kichwa cha jiko hukazwa moja kwa moja juu yake nao wapake povu kwenye ungio hilo. Kamwe usikague kwa kiberiti.

Tuseme mama mmoja amebadilisha mtungi saa moja jioni, akaruka ukaguzi huu, kisha saa nne usiku akaamka kwa harufu kali. Asiwashe taa, na kama inawaka asiizime, kwa kuwa swichi hutoa cheche katika hali zote mbili. Asiguse simu humo ndani. Afunge regulata, afungue mlango, atoe watoto na kuwaamsha majirani wazime moto wao na kutoka. Akiwa mbali nje, ndipo apige 999 au 112.

Iwapo moto umeshika kwenye ungio na mkono waweza kufikia valvu bila kuungua, funga gesi kwa kutumia kitambaa kilicholowa. Usipoweza kuifunga, usiuzime moto huo. Gesi isiyowaka itajaa chumbani na kungoja cheche nyingine. Toka, utoe watu, uwangoje askari wa zimamoto.

Kila usiku kabla ya kulala, funga gesi kwenye mtungi wenyewe, si kwenye jiko pekee.